Ndoo ya kuwekea juisi na uji: ipi ununue, ipi uiache

Kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu hapa Dodoma tulikamua ukwaju jioni, tukaujaza kwenye ndoo mpya ya bati, tukaufunika hadi kesho yake mchana. Waliotangulia kunywa walisema juisi ina ladha ya chuma na inakaza ulimi. Haikupita saa moja, watoto wanne wakaanza kutapika na kushika matumbo. Tulipomwaga iliyobaki, ndani ya ndoo kulikuwa na mstari: juu yake bati liling'aa, chini yake limefifia na kuwa la kijivu.

Ule mng'ao uliotoweka ulikuwa umeingia kwenye juisi. Ndoo ya bati ni chuma kilichopakwa zinki kisishike kutu, na asidi huyeyusha zinki. Mwili wa mtu mzima unahitaji takribani miligramu 8 hadi 11 za zinki kwa siku, lakini zikifika mia kadhaa kwa mkupuo tumbo huzikataa. Kuchemsha hakuondoi zinki, wala sukari haisaidii. Ukwaju, ubuyu, ndimu, togwa na uji uliochachushwa vyote vina asidi, na kadiri vinavyokaa ndivyo zinki inavyozidi kuyeyuka.

Kwa hiyo ukiwa na hela, nunua stenlesi yenye mfuniko. Ni ghali, lakini inafaa kwa uji wa moto na kwa juisi ya kulala.

Inayofuata, na ndiyo ninayowashauri wengi, ni ndoo ya plastiki ya chakula. Igeuze, utafute alama ya glasi na uma kwenye kitako, pamoja na pembetatu yenye namba 2 au 5. Kwa uji wa moto chukua namba 5, maana inastahimili joto zaidi. Ndoo iliyotoka na rangi ya ukuta usiinunue kwa chakula hata ikisuguliwa vipi, na yenye mikwaruzo mingi ndani huhifadhi uchachu wa jana.

Sufuria ya alumini naiweka ya tatu. Pikia uji, pakua, basi. Nayo huliwa na asidi, kwa hiyo usilaze ukwaju humo.

Ndoo ya bati ni ya mwisho, na kazi yake ni kuchotea maji na kufulia. Muuzaji akikuambia ni stenlesi, tazama ubavuni: bati la zinki mara nyingi lina maua maua ya kijivu kama vipande vya barafu, na sumaku huling'ang'ania. Sumaku peke yake isikuamulie, kwa kuwa zipo stenlesi zinazoshika sumaku pia. Kama ndoo ina unga mweupe kwenye maungio, hiyo ni zinki iliyokwisha kuanza kulika.

Na mtu akishakunywa na kutapika, mwageni juisi yote, mpeni maji kidogo kidogo, na mtoto asiyetulia apelekwe kituo cha afya pamoja na maelezo ya ndoo iliyotumika.