Nimeipima programu ya minada ya korosho kwa TalkBack: nyota tatu

Programu hii wakulima wengi huku Mtwara wanaifungua msimu wa mnada kuangalia bei na kilo zilizoingia kila ghala. Nimeipima toleo la zamani na jipya kwenye simu ya Android, TalkBack, kisoma skrini kwa sauti, ikiwa imewashwa na skrini imefichwa, ili sikio lifanye kazi peke yake.

Toleo la zamani lilikuwa na kengele ya taarifa kando ya kila mnada, lakini TalkBack ilisema tu kwamba ni kitufe kisicho na lebo. Minada kumi, vitufe kumi, vyote sauti moja. Toleo jipya limeweka maelezo, "Kengele ya Newala", na Accessibility Scanner, programu ya Google ya kukagua ufikivu, haikulalamika tena. Hapo ndipo wengi wanapoishia, na hapo ndipo kosa lilipobaki. Ukigonga mara mbili, kengele inabadilika rangi, lakini maneno ni yaleyale. Asiyeona anagonga tena kwa wasiwasi, kumbe anaizima. Maelezo yanatakiwa yataje kitendo: "Washa taarifa za mnada wa Newala", kisha yageuke "Zima taarifa…" mara inapowaka. Neno "kitufe" msiliandike, TalkBack inaliongeza yenyewe.

Ukubwa wa kengele watengenezaji wameurekebisha vizuri, hongera kwao. Zamani eneo la kugusa lilikuwa sawa na mchoro wenyewe, dp 24 kwa kipimo cha skrini cha Android, kidole kikaangukia kwenye mstari na kufungua mnada. Sasa mchoro umebaki vilevile, ila umezungukwa na nafasi ya dp 12 kila upande, jumla 48:

```xml
<ImageButton
    android:layout_width="48dp"
    android:layout_height="48dp"
    android:padding="12dp" />
```

Kilichoniuma zaidi ni bei. Niliongeza maandishi ya simu hadi asilimia 200, kama wafanyavyo wazee wengi. Jina la ghala likakua, bei ikabaki ndogo, kwa kuwa iliandikwa kwa dp badala ya sp, kipimo kinachofuata ukubwa wa maandishi uliochaguliwa kwenye simu. Niliwaandikia, wakaibadilisha kuwa sp, lakini urefu wa mstari wakauacha dp 40. Sasa bei inakua na kukatwa nusu kwa chini, 8 na 3 hazitofautiani. Kwenye bei ya kilo, hilo ni kosa la pesa. Dawa yake ni fupi: urefu uwe `wrap_content` ili ufuate maandishi, `minHeight` iwe 48dp, na jina refu la ghala liruhusiwe kushuka mstari wa pili.

Jambo la mwisho ni sauti. Injini ya kusoma ikiwa ya Kiingereza, "Nanyamba" na "Tandahimba" zinavurugika hata lebo zikiwa safi. Kabla ya kupima, chagueni sauti ya Kiswahili kwenye mipangilio ya simu, msije mkahangaika na lebo isiyo na kosa. Nyota ya nne nitaiongeza siku kengele ikisema "washa" au "zima", ya tano bei ikisomeka yote.