Miezi saba ya kuandika ujumbe kwa sauti: maiki inapokwama kwenye Kiswahili chenye Kiingereza

Vidole vyangu huuma nikichapa muda mrefu, kwa hiyo ujumbe mwingi wa kazini nauandika kwa kubonyeza maiki ya kibodi na kusema. Kwa Kiswahili kitupu nimeridhika sana. Sentensi ndefu inatoka safi, na ninachobaki nacho ni kuweka nukta na mkato. Shida inaanza ninaposema kama tunavyosema wengi wetu ofisini, Kiswahili na Kiingereza ndani ya pumzi moja.

Mfano wa kweli kutoka wiki ya kwanza. Nilisema "nimekuforwadia ile imeli". Kwenye kioo ikatokea "nimekufa wadia ile imeli". Ukiisoma kwa sauti utaelewa kilichotokea. Maiki nimeiwekea Kiswahili, kwa hiyo inatafuta maneno ya Kiswahili yanayofanana na sauti iliyosikia. "Forwadi" haikuitarajia katikati ya kitenzi, ila "nimekufa" inalijua vizuri, basi ikakata hapo na kilichobaki ikakitafutia neno lingine. Neno zima la Kiingereza likisimama peke yake mara nyingi linapita. Linalovunjika ni lile lililovishwa viambishi vyetu: nimekuforwadia, tutakonfemu, hawajaaploadi.

Nilidhani dawa ni kusema polepole, niseme "nimeku", nitulie, halafu "forwadia". Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu kile kituo kidogo maiki inakichukua kama mpaka wa maneno. Kilichonisaidia ni kufuta kipande chote, tuseme maneno manne au matano, na kukisema upya kwa mwendo wa kawaida. Ukifuta silabi moja na kuisema peke yake, maiki inakosa maneno ya jirani ambayo huyategemea kukisia ulichokusudia. Ikikosea mara mbili, siipi nafasi ya tatu. Naligusa neno mara mbili ili lichaguliwe, kisha nachapa kwa mkono au naweka "nimekutumia", ambalo halijawahi kunikosea.

Lakini makosa ya aina hiyo siyo yanayonitia hofu, maana yanaonekana. Hofu yangu ni kosa linalotoka likiwa Kiswahili sanifu. Siku moja nilimwandikia mwenzangu wa kazini: "Mitingi na mteja ni kesho naini." Nilikuwa na maana ya tisa ya Kiingereza, yaani saa tatu asubuhi. Maiki ikaandika "kesho nane". Nilipitisha macho haraka nikatuma. Mteja akafika saa tatu, mwenzangu hayupo. Nilipompigia alishangaa: "Kaka, si umeandika nane? Mimi najiandaa kwa saa nane mchana." Alikuwa sahihi kabisa. Sauti moja ilisogezwa kidogo, na kwa kuwa saa zetu huanza kuhesabiwa alfajiri, kosa hilo dogo likawa saa tano nzima.

Na kibodi haikuonya chochote. Ule mstari mwekundu chini ya neno unatokea pale herufi zinapounda neno lisilo kwenye kamusi yake, na "nane" limo. Kwangu mstari huo hukaa zaidi chini ya maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa sawasawa, kwa hiyo nimeacha kuutegemea. Siku hizi saa, tarehe na kiasi cha fedha nachapa kwa tarakimu, kwa mkono, na saa naifuatisha na "asubuhi" au "mchana". Hilo silipuuzi hata nikiwa na haraka.

Nilijaribu pia kuiweka maiki kwenye Kiingereza. Maneno ya Kiingereza yakatoka vizuri, ila viambishi vyote vikageuka takataka, na kwa kuwa kiunzi cha sentensi zangu ni Kiswahili, kazi ya kusahihisha iliongezeka. Nikarudi kwenye Kiswahili. Kuongeza maneno kwenye kamusi binafsi ya kibodi kumenisaidia ninapochapa tu. Nikisema, sijaona tofauti.

Kuna njia moja ya kusahihisha ambayo naitumia kila siku. Ukikuta mstari usioeleweka na umesahau ulisema nini, usiutazame, usome kwa sauti, haraka, bila kutua penye nafasi. "Tuta koni femu kesho" ukiitamka hivyo, sikio linakurudishia "tutakonfemu" papo hapo. Jicho linafuata mipaka ya maneno iliyowekwa na maiki, sikio haliioni.

Kwa ujumbe mrefu wa Kiswahili naendelea kuitumia maiki bila wasiwasi. Kwa ujumbe mfupi uliojaa vitenzi vya ofisini, kusahihisha hunichukua muda mrefu kuliko kuchapa, kwa hiyo huo nachapa tu, vidole viume.