Daftari la mabadiliko kwenye dashibodi yetu ya dawa: nimelitumia miezi minane

Mimi ni mfamasia. Kila Jumatatu asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kufungua dashibodi ya akiba ya dawa za zahanati zetu. Tangu mwaka jana, pembeni kuna kitufe cha "Mabadiliko". Ukikibonyeza unaona ni lini kanuni ya hesabu ilibadilika, takwimu zinatoka wapi, na zinasasishwa lini. Kabla sijasema kama ni kizuri, niwaeleze aibu iliyonipata kabla hakijawekwa.

Ijumaa moja ya Oktoba zahanati fulani ilipokea dozi 240 za dawa mseto ya malaria. Jioni dashibodi ikaonyesha miezi 4 ya akiba, rangi ya kijani. Jumatatu nikakuta miezi 2, nyekundu. Nikampigia mganga mfawidhi: dawa za miezi miwili zimekwenda wapi wikendi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mkuu, njoo uhesabu mwenyewe." Nikapanda pikipiki. Makasha yapo rafuni, kadi ya stoo imejazwa vizuri, dozi ni zile zile 240. Nilirudi kichwa chini.

Kilichokuwa kimebadilika ni kigawanyo. Miezi ya akiba ni dawa zilizopo ukigawa kwa wastani wa matumizi ya mwezi. Zahanati ile ilitoa dozi 120 Julai na 60 Agosti. Tarehe 16 Agosti dawa ikawa imeisha, Septemba yote hakuna. Kanuni ya zamani ilijumlisha 180 na kugawa kwa miezi 3, ikapata 60 kwa mwezi, hivyo 240 zingetosha miezi 4. Lakini dozi hizo 180 zilitumika ndani ya siku 46 tu kati ya 92. Kanuni mpya inazihesabu siku zenye dawa peke yake, inapata 120 kwa mwezi, na 240 zinatosha miezi 2. Kanuni mpya ndiyo sahihi, kwa sababu ile ya zamani iliyahesabu matumizi ya rafu tupu kana kwamba wagonjwa hawakuja. Tatizo ni kwamba ilibadilishwa Jumamosi na hakuna aliyetuambia.

Daftari lilipowekwa, mabadiliko yale yaliingizwa hivi:

```
HESABU: Wastani wa matumizi kwa mwezi
Zamani: jumla ya miezi 3 ÷ 3
Sasa: jumla ya miezi 3 × siku zote ÷ siku zenye dawa ÷ 3
Miezi ya nyuma: haijahesabiwa upya
```

Mstari wa mwisho ndio ninaouthamini kuliko yote. Kama miezi ya nyuma haijahesabiwa upya, mchoro wa mwaka utakuwa na ngazi mwezi ule, na mtu asiyejua ataandika kwenye ripoti kwamba malaria imepanda. Mimi sasa nikiona ngazi nakimbilia daftari kwanza, simu baadaye. Ratiba nayo imeniokoa. Walipoacha kusasisha kila usiku wakahamia Jumatatu na Alhamisi, nililiona daftarini siku ile ile, nikaacha kumsumbua mtunza stoo siku ya Jumatano kwa takwimu za Jumatatu.

Sasa malalamiko. Daftari linajua tu kile mwandishi wake alichokumbuka kuandika. Februari niligundua akiba ya Novemba ya kituo kimoja, mwezi uliokwisha kufungwa, imetoka 310 ikawa 295. Daftarini hakuna kitu. Niliijua kwa sababu kila mwisho wa mwezi napakua faili na kuliweka. Bila faili lile ningedhani macho yangu ndiyo yamekosea. Nilipouliza, kumbe chanzo kilihamishwa: zamani akiba ya mwezi uliofungwa ilitoka kwenye taarifa ya mwezi inayojazwa kwa mkono, sasa inasomwa kwenye leja ya kielektroniki. Dozi 15 zilikuwa zimeisha muda. Leja ilikwisha kuzitoa, taarifa ya mkono ilikuwa bado inazihesabu. Takwimu mpya ni bora, lakini mabadiliko ya chanzo hayabadilishi sura ya kitu chochote kwenye skrini, kwa hiyo hayo ndiyo yanayohitaji kuandikwa zaidi.

Jambo la pili, wanachanganya kila kitu. Juzi nilipitia mistari kumi na miwili ya "maboresho madogo", "rangi ya vitufe", "fonti", ndipo nikafika kwenye mmoja wa hesabu. Nimewaomba wazitenge, na waweke alama ndogo juu ya mchoro, mwezi ule ule kanuni ilipobadilika, ili hata asiyefungua daftari aione. Alama wameweka wiki iliyopita, kwa dawa mseto tu. Zingine wanasema zinakuja.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku akiba ya mwezi uliofungwa itakapobadilika na nikaisoma daftarini kabla ya kuiona kwenye faili langu.