Mkesha wa mtihani wa udereva, Mombasa: uzoefu wangu na nasaha za mwalimu

Shule yenyewe siitaji, maana nina malalamiko mawili matatu. Nilisomea daraja B, gari dogo. Ada ilijumuisha kile walichokiita "nasaha za jioni", yaani kikao na mwalimu siku moja kabla ya kwenda mbele ya mtahini wa NTSA. Nilidhani tutaambiwa tumtegemee Mungu na tulale mapema.

Kikao cha baada ya maghribi kilianza karibu saa mbili. Tulikuwa watu 19, feni moja, na ubao mmoja wa modeli tauni, ule mji uliochorwa barabara, maegesho na raundabauti. Kwa wasioujua, mtahini anakupa kigari cha kuchezea, anakwambia "nitoe hapa unipeleke pale", nawe unakisukuma huku ukieleza unachofanya.

Mwalimu hakuhutubu. Alikishika kigari akatuuliza, "Hiki kina indiketa?" Tukacheka. "Kina vioo? Kina breki? Basi taa zake ni mdomo wako. Usiposema, hujafanya." Kisha akatueleza wanaoanguka ubaoni huangushwa na nini: mtu anajua sheria zote, lakini kwa woga mkono unatangulia na maneno yanafuata. Kigari kimeshakata kona ndipo anasema "naangalia kioo". Wengine hukinyanyua hewani ili kukigeuza, na gari halipai. Dawa yake ilikuwa nyepesi: kidole kimoja juu ya paa, sema kwanza, halafu sukuma.

Kisha akaniita mimi. "Umeingia raundabauti kutoka kusini. Nipeleke kulia."

Nikaanza vizuri: kioo, indiketa ya kulia, leni ya kulia, napunguza mwendo, nawapisha wanaotoka kulia kwangu, naingia nikizunguka kama mshale wa saa. Nikaipita njia ya kwanza, ile ya kushoto. Hapo nikasema, "Nawasha indiketa ya kushoto." Akaniwekea mkono mbele ya kigari.

"Simama hapo hapo, kaka. Njia iliyo mbele yako ni ipi?"

Ilikuwa ile ya kwenda moja kwa moja. Akachukua kigari cha pili, akakiweka kwenye mdomo wa njia hiyo kikisubiri kuingia. "Huyu ameiona indiketa yako. Anaamini unatokea kwake, kwa hiyo anaingia. Nawe hutoki, unaendelea." Akavisukuma vyote viwili vikagongana ubavuni, ko! Tangu siku ile sijasahau: ukielekea kulia, indiketa ya kulia inabaki ikiwaka mpaka uipite njia ya moja kwa moja, ndipo unatazama kioo, unawasha ya kushoto, unahamia leni ya nje na kutoka. Wiki tatu darasani nilikuwa naikariri sheria hiyo bila kujua inamlinda nani.

Sasa lawama. Kwa watu 19 na ubao mmoja, waliogusa kigari usiku ule hawakufika kumi. Mama mmoja aliyekuwa nyuma alinyoosha mkono mara tatu, akaambiwa "wewe mama utaweza tu", na hiyo si nasaha, ni kufukuzwa kwa heshima. Alama za barabarani zilipewa dakika tano za mwisho, wakati watu wanatafuta viatu. Kitu kimoja tu kilinisaidia hapo: jibu umbo kabla ya picha. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya, duara lenye ukingo mwekundu linakukataza, duara la buluu linakuamuru. Pembetatu iliyopinduliwa kichwa chini ni ya peke yake: inasema wapishe wengine.

Asubuhi yake mtahini alinipa njia nyingine kabisa, kutoka hospitali hadi kwenye maegesho, ila nilipita raundabauti ileile. Mikono ilinitoka jasho hadi kigari kikateleza, lakini mdomo ulitangulia. Nilipotoka upande wa pili nikanyamaza, nikijipongeza moyoni. Mtahini akainua macho. "Na indiketa je, bado inawaka?"

Hilo hatukuambiwa. Gari halisi huizima lenyewe usukani ukirudi. La kuchezea ni wewe. Nikasema nimeizima, akaandika kitu, tukaenda kwenye alama.

Nilipita. Nyota tatu kwa tano. Kama umeshausukuma ubao mara kadhaa na tatizo lako ni woga, kikao kile kinafaa, ila fika mapema ukae mbele. Kama alama bado zinakuchanganya, usizisubiri jioni ile.