Uzoefu wangu na elsii: dosari mbili kwenye hati za marumaru

Naagiza marumaru kutoka China na kuziuza Dar es Salaam. Safari hii nililipa kwa elsii kwa mara ya kwanza. Maana yake, benki yangu iliahidi kumlipa muuzaji dola 40,500 endapo angewasilisha hati tulizozitaja zikiwa sawasawa. Jina la benki silitaji. Dawati lao la biashara ya nje nalipatia nyota nne, na ile ya tano nitaeleza ilikopotelea.

Hati tulizodai zilikuwa nne: ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena ya meli, na cheti cha ukaguzi wa ubora ambacho TBS hukitaka kabla mzigo haujapakiwa. Bima haikuwemo kwa sababu nilikata mwenyewe hapa nchini.

Hati zilifika benki tarehe 25 Juni. Kesho yake kijana mmoja wa benki akanipigia: "Kaka, kuna dosari ndogondogo, pita usaini fomu mzigo usije ukakwama." Nikaenda. Fomu ilisema nimeridhia dosari zote na benki ilipe, lakini haikutaja hata dosari moja. Nyota ya tano ilipotelea hapo. Ukishasaini karatasi ile benki inaweza kulipa, na huwezi kurudi baadaye kudai kwamba hukuelewa.

Nikaomba kuziona hati zenyewe. Dada mmoja wa dawati lile akanikaribisha mezani kwake, akaweka elsii kushoto na ankara kulia, akawa anashuka neno kwa neno na penseli. Elsii ilisema marumaru za poselini, ankara ikasema marumaru za seramiki. Akaigeukia hati ya shehena. Mwisho wa kupakia ulikuwa 10 Juni, na muhuri wa kupakiwa melini ulisoma 14 Juni.

Mimi nikamwonyesha la tatu: sanduku la posta kwenye ankara halikuwa langu. Akatikisa kichwa. "Hiyo si dosari, kaka. Anwani kwenye ankara si lazima ifanane, mradi nchi ni ileile. Ila ingekuwa kwenye hati ya shehena, pale penye jina la mpokeaji au wa kuarifiwa, hapo tungesema." Ndivyo UCP 600, kanuni za kimataifa za elsii, zinavyotaka, na elsii yetu ilifuata kanuni hizo.

Kisha akanieleza jambo ambalo nadhani kila muagizaji angepaswa kuelezwa siku ya kwanza kabisa. Dosari ya ankara inarekebishika, muuzaji anaandika nyingine. Ya tarehe hairekebishiki, kwa sababu meli imeshapakia. Hiyo ama unairidhia ama unaikataa. Na benki ina siku tano tu za kazi tangu siku inayofuata ya kupokea hati. Zikipita bila kumjulisha aliyewasilisha kwamba hati zimekataliwa, tena kwa kutaja kila dosari katika taarifa moja, haiwezi tena kuzikataa.

Kuchelewa siku nne hakukuniumiza. Neno seramiki lilininyima usingizi. Poselini hunyonya maji kidogo sana, haizidi asilimia 0.5, na mteja wangu alitaka za sakafu ya hoteli. Benki haifungui kontena, inasoma karatasi tu. Dada yule akanielekeza nisome cheti cha ukaguzi. Mkaguzi alikuwa ameandika poselini, na kipimo cha unyonyaji kilikuwa humohumo. Basi kosa lilikuwa la karani wa ankara. Kama cheti nacho kingesema seramiki, nisingesaini chochote.

Tarehe 27 Juni benki ikatuma taarifa ya kukataa ikizitaja dosari zote mbili, na hati ikabaki nazo ikisubiri uamuzi wangu. Muuzaji akawasilisha ankara mpya tarehe 30. Alikuwa bado ndani ya muda, kwani hati zinatakiwa ndani ya siku 21 baada ya kupakiwa, yaani hadi 5 Julai, na elsii yenyewe ilikuwa inaisha tarehe 10. Baada ya hapo nikasaini kuridhia dosari moja tu, ya tarehe, na nikaiandika kwa mkono wangu juu ya saini. Benki ikakubali, ingawa haikulazimika, maana hata muagizaji akiridhia, benki inaweza kukataa. Ada ya dosari, dola 75, ikakatwa kwenye malipo ya muuzaji.

Meli ilipotia nanga hati nilikuwa nazo tayari, hivyo sikulipa gharama za kuchelewesha kontena bandarini.

Kwenye ombi la elsii ya pili nimeandika bidhaa kwa ufupi, marumaru za poselini 600 kwa 600, na mwisho wa kupakia nimeusogeza hadi wiki mbili baada ya tarehe aliyoahidi muuzaji. Fomu ya kuridhia isiyo na orodha ya dosari nimewaandikia meneja barua waifute.