SSD haiandiki tena au imekuwa nzito: soma afya yake kwanza, ndo ujue ununue ipi

Shemeji ana steshenari, juzi kaniletea laptopu, anasema akifuta faili, akizima na kuwasha, anakuta faili limerudi palepale kama hajaligusa. Alidhani ni kirusi. Nikaiwasha kwa flashi yenye Linux, nikaandika:

```
sudo smartctl -a /dev/nvme0
```

Mistari iliyonihusu ni hii:

```
Critical Warning:          0x09
Available Spare:           3%
Available Spare Threshold: 10%
Percentage Used:           64%
```

Watu wengi wanakimbilia Percentage Used, ila hiyo ni makadirio tu ya uchakavu wa kuandikwa, inaweza hata kupita 100 na diski ikaendelea kupiga kazi. Hapa tatizo ni Available Spare, yaani akiba ya vipande vya kuziba nafasi ya vilivyokufa, imeshuka chini ya kikomo cha 10%. Na ile 0x09 ya Critical Warning ni 1 jumlisha 8: 1 inasema akiba imepungua, 8 inasema diski imejifunga, inasomeka tu. Kwenye Windows haya yote unayaona kwa CrystalDiskInfo.

Ikifika hapo usihangaike kufomati, kopi data zote siku hiyohiyo maana kusoma nako kunaweza kugoma muda wowote. Na kumbuka diski iliyojifunga huwezi kuifuta, kwahiyo ukiirudisha dukani kwa waranti umewapa na vitambulisho vyote vya wateja. Tulikubaliana na shemeji tuivunje.

Kama yako ni nzito tu, lakini akiba ni 100% na Media and Data Integrity Errors, yaani hesabu ya makosa ya data, ni 0, usinunue kwanza. Angalia imejaa kiasi gani, ikiwa imebaki nafasi kiduchu punguza mpaka robo hivi iwe wazi, iache imewashwa bila kazi kwa muda, halafu ijaribu tena.

Sasa za kununua, kwa saizi ya GB 500 ya NVMe, mpangilio wangu ni huu. Ya kwanza WD Blue SN580, chipu zake ni TLC, aina inayovumilia kuandikwa kuliko QLC, na waranti inabeba TB 300 za kuandika, hiyo ndo nilimfungia shemeji. Samsung 970 EVO Plus nayo ni TB 300 na ina DRAM yake ndani, kumbukumbu ya kuharakisha kazi, ukiikuta kwa bei ileile chukua hiyo. Ya tatu Kingston NV2, TB 160, shida yake chipu za ndani zinabadilika toleo kwa toleo so hujui utapata ipi. Ya mwisho Crucial P3, ni QLC, TB 110, inafaa kuhifadhia muvi na picha ila kwa mtu anayeskani na kuandika kutwa nzima hapana. Zilizotumika mimi sinunui mpaka muuzaji anifungulie CrystalDiskInfo mbele yangu.