Kuchelewa kwa malipo: ubongo una mfumo mmoja au miwili?

Dola 20 leo, au 40 baada ya siku 50? Mwaka 2004, watafiti McClure na wenzake waliona striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na malipo, ikichangamka zaidi malipo ya papo hapo yanapokuwepo, wakasema mifumo miwili inavutana, mmoja wa papo hapo na mwingine wa subira. Kable na Glimcher, 2007, wakaona striatamu na gamba la mbele la kati vikifuata thamani anayoipa mtu mwenyewe, hata kwa malipo ya baadaye.

Kwa wepesi, mfumo mmoja unashinda: V = A/(1+kD), ambapo V ni thamani anayoiona mtu, A ni kiasi cha malipo, D ni siku za kusubiri, na k ni kasi ya thamani kupungua. Mwenye k ya 0.02 kwa siku huziona 40 kama 20 tu. Ukilinganisha watu, k inatosha. Ukichunguza mvuto wa "leo" yenyewe, modeli ya beta, punguzo la chochote kisicho cha leo, na delta, punguzo la kila siku ya kusubiri, inaubainisha vizuri zaidi. Ila ahirisha malipo yote mawili kwa siku sawa uone kama mvuto unabaki.